Mguu Uliotulia

Changamwe yote ilijua kwamba Mwanatatu binti Mwidani anafungua macho. Ndivyo watu walivyoiita kazi yake, na asidhani mtu kuwa ni uganga. Bibi harusi akifumba macho wakati taa ya kamera inapiga, au mzee akisinzia mbele ya wajukuu, picha hupelekwa kwenye studio ya Mbwana nyuma ya soko. Mbwana ndiye mwenye studio na mwenye maneno. Dada yake, Mwanatatu, ndiye mwenye mkono. Huikuza ile picha ikawa kubwa, akakaa nayo dirishani na brashi yenye unywele mmoja na kiwembe, akachora jicho juu ya kope lililofumba. Pakitakiwa cheusi hutia wino, pakitakiwa cheupe huparuza kwa kiwembe. Akimaliza, picha ile hupigwa picha upya, na hata mwenye macho makali hawezi kusema pameguswa.

Na hilo jicho alilitoa wapi? Kama bibi harusi ana picha nyingine, alinakili humo. Kama hana, aliazima kwa mama mtu au kwa dada mtu. Nusu ya kuta za Changamwe zilikuwa na watu wanaotazama kwa macho ya mama zao, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Watu hufurahi kuonekana wako macho, basi.

Lakini kazi ngumu zaidi ilikuwa ya watoto waliokimbia. Hawa walimtoa jasho. Hiyo alifundishwa na marehemu babake, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha giza cha ofisi ya ramani, akisafisha picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Mzee yule alimfundisha kwanza kutofautisha. Picha ambayo kamera ilitikisika, kila kitu kimeburutika, mpaka nyumba. Picha ambayo lenzi haikuwekwa sawa, kila kitu kimevimba kama kilicholowa. Ila aliyekimbia, yeye peke yake ndiye ameburutika, tena kwa upande mmoja tu, ule aliokuwa akienda. Ukuta nyuma yake umenyooka, majani yanahesabika, na yeye ni moshi.

"Tazama nukta ya mwanga kwenye jicho," babake alikuwa akimwambia. "Ikiwa imekuwa kijistari kifupi, ndani ya jicho, mtoto huyo utampata. Ikiwa imekuwa mstari unaotoka jichoni ukafika shavuni, hujui tena jicho linaanzia wapi. Hapo weka brashi chini, Mwanatatu. Hapo hutengenezi, unatunga."

Binti alimpata mtoto huyo mara nyingi. Na Mwanatatu, ambaye aliachwa na mume kwa kosa la kutozaa na akajibu kwa kutoomba kitu kwa mtu yeyote tena, alikuwa na majivuno kidogo juu ya kazi hii. Tuseme ukweli, hakuwa na majivuno kidogo. Alikuwa nayo ya kutosha watu watatu.

Mwezi wa pili wa mwaka themanini na sita akaingia mama mmoja studio, mumewe nyuma yake. Mama alikuwa Margret, na mume Elkana, kuli wa bandarini, watu wa bara waliopanga chumba karibu na barabara kuu ya Nairobi. Margret alivaa kanga juu-chini na hakuwa na habari.

"Karibu, mama. Kaa," alisema Mwanatatu.

Margret hakukaa. "Mtoto wangu amepotea, dada. Achieng. Ana miaka mitano. Ametoka mchana kununua kiberiti, hajarudi. Leo ni Jumatano. Alitoka Jumamosi."

"Lahaula! Polisi je?"

"Polisi tumeenda, hospitali ya mjini tumeenda, misikitini wametutangazia, kanisani wametutangazia," alisema Elkana. "Sasa kuna mtu wa kupiga chapa mjini, muumini mwenzetu. Atatutolea matangazo bure. Ila anataka picha ya uso. Amesema mashine yake haitaki ukungu, ikiingia picha ya ukungu inatoa doa."

"Na picha mnayo?"

Margret akatoa bahasha kifuani. Picha ilikuwa moja tu, na negativu yake, ile filamu iliyoizaa, ambayo Elkana alikwenda kuiomba kwa Musyoka, yule mpiga picha wa kutembea. Siku ya Krismasi Musyoka alipanga watoto uwanjani kwa kanisa, jioni, mawingu yametanda, na betri za taa yake zimekufa. Akaifungulia kamera muda mrefu ili mwanga uingie, akawaambia watoto wasimame kama nguzo. Wakasimama. Achieng akavua viatu vyake vipya, akakatiza mbele yao mbio.

"Vilikuwa vinambana," alisema Margret, kama mtu anayemtetea mtoto asichapwe. "Kidole chake cha mguu kimepanda juu ya mwenziwe, kila kiatu kinamuumiza. Nilimwambia vumilia mpaka picha ipigwe. Hakuvumilia."

Mwanatatu aliweka negativu juu ya kioo chenye taa, akainamia na lenzi ya mkononi. Watoto wa nyuma walitoka wazi kabisa, mpaka vifungo vya mashati vilionekana. Gauni la Achieng lilikuwa na mistari, na mistari iliyolala ilibaki wazi, kwa kuwa ilielekea kule kule alikoelekea yeye. Kila kilichosimama kilikuwa kimefutika. Alitafuta nukta ya mwanga jichoni. Aliipata, ndiyo. Ilianza mahali fulani karibu na sikio ikapita moja kwa moja mpaka nje ya pua. Uso mzima ulikuwa umesogea upana wa uso mzima. Macho mawili yalikuwa yameingia katika jicho moja refu, na pua imo humo humo ndani.

Akashuka chini na lenzi, kwa mazoea tu ya kumaliza kazi. Hapo akashtuka. Mguu wa kushoto, ule uliokanyaga chini kusukuma mwili, ulikuwa wazi kuliko kitu chochote pale. Mtu akikimbia kichwa kinakwenda, lakini mguu uliokanyaga unasimama kidogo pale ardhini, na kamera ya Musyoka iliukuta umesimama. Kila ukucha ulionekana. Chembe za mchanga zilionekana. Na kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba, kimekaa hapo kama mtoto mgongoni.

Alinyanyuka.

"Mama Achieng," alisema, "nisikudanganye. Huu umezama."

"Umezama nini?"

"Uso. Hauko. Si kwamba umefichika nikaufichua. Umechanganyika. Ni kama chai na maziwa, siwezi kukurudishia maziwa yako."

Margret akamtazama kakake Mwanatatu, Mbwana, aliyekuwa amesimama kwenye pazia. "Lakini watu wote wanasema hapa mnafungua macho."

"Wanasema kweli!" alirukia Mbwana. Hakuwa mtu mbaya, Mbwana. Hakuweza tu kumwona mtu akilia dukani mwake. "Mwanatatu, ewe, jaribu basi. Kujaribu kuna dhambi?"

Akajaribu. Alifanya kila alichofundishwa, kwa uaminifu. Negativu ya filamu ndogo haishikiki, kwa hiyo kwanza aliihamishia kwenye filamu ya bapa, hatua mbili, mpaka akapata negativu kubwa kama kiganja. Kisha akatengeneza kile babake alichokiita kivuli. Alibandika filamu nyingine chini ya ile negativu, kioo kikiwa katikati yao ili zisigusane, akapiga mwanga mchache. Ikatoka nakala hafifu iliyogeuzwa, penye cheusi pana cheupe, tena imefifia kingo. Vikifungwa pamoja, negativu na kivuli chake, maeneo makubwa yanapoozana, lakini kwenye kingo havikubaliani, na hapo kingo huruka. Kisha unachapa kwenye karatasi ngumu, ile isiyojua kijivu, na picha iliyokuwa imelegea inakaza uso.

Kwa mtoto aliyesogea kidogo, kazi hiyo ilikuwa muujiza. Kwa Achieng, Mwanatatu alisimama chini ya taa nyekundu akitikisa sinia la dawa, akaona picha inapanda bila uso. Kivuli hakijui uso ni upi na mchirizi ni upi. Kilikaza kilichokuwepo. Kilichokuwepo ni michirizi. Sasa ilikuwa mikali, kama mtu amekwaruzwa kwa uma. Alichapa tena ndogo, ukubwa wa stempu, kwa sababu ukungu hupungua picha ikipungua. Kwa mbali ilikuwa mtoto. Ukiisogeza, hakuna mtu.

Mguu, lakini! Mguu ulitoka kwenye karatasi kana kwamba utakukanyaga. Ile picha nzima, ya kwanza, aliipigilia pini ukutani kando ya mlango wa chumba cha giza. Hakujua kwa nini. Hakuweza kuitupa.

Walipokuja asubuhi yake aliwaonyesha. "Uso umekataa. Ila mguu huu uko wazi kabisa. Tangazeni kwa mguu. Andikeni: kidole kimepanda kidole. Wataona."

Mbwana akacheka, cheko la aibu. "Yakhe, umeona wapi mtoto aliyepotea akatangazwa kwa mguu? Nani atautazama, muuza ndara?"

"Mpiga chapa amesema nafasi ni ya uso na mistari mitatu tu," alisema Elkana polepole. "Jina, umri, anakotoka."

Margret hakuutazama hata huo mguu. Alimshika Mwanatatu mikono yote miwili. "Dada, karatasi isiyo na uso nani ataisoma? Wengi hawajui kusoma. Wataona uso tu. Nifungulie mtoto wangu macho. Nakuomba kwa Mungu wako na Mungu wangu."

Ni nani angesema hapana? Babake angesema. Mwanatatu alilijua hilo wakati ule ule, amesimama na mikono ya Margret mikononi. Aliisikia sauti ya mzee, hapo unatunga, akaiona haina huruma. Alimhurumia mwanamke yule kwa moyo wote. Na ndani ya huruma hiyo, tusifichane, kulikuwa na kile kijidudu cha majivuno, kikimnong'oneza: kama kuna mtu Mombasa hii anayeweza, ni wewe.

"Kaa kwenye kiti," alimwambia. "Tazama dirishani."

Akachora siku mbili. Macho aliyachukua kwa Margret, makubwa, yenye kope zilizolala kwa nje. Kidevu cha mviringo alichukua kwa Margret. Mdomo aliunakili kwa Elkana. Mashavu aliyatoa kwa watoto wote aliowahi kuwarekebisha, kwa maana mashavu ya watoto yanafanana, au ndivyo alivyojiambia. Akakata picha kifuani. Mguu ukabaki mezani kwenye vipande. Alipoipiga picha upya na kuichapa, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizopata kufanya. Mtoto alikuwa akikutazama. Ungesema atakuita.

Margret aliipokea, akaishika kwa muda. Halafu akapiga ukelele uliowafanya watu wa soko wachungulie. "Ndiye! Elkana, ndiye! Achieng wangu huyu!"

Elkana alitazama. Alimtazama mkewe, akatazama tena picha. "Ndiye," alisema.

Mwanatatu akalia kwa furaha, na Mbwana akaagiza soda.

Matangazo yakasambaa. Yalibandikwa sokoni, stesheni, kivukoni Likoni, Mtopanga, kwenye lango la uwanja wa ndege, mpaka Jomvu Kuu kwenye duka la samaki. Matingo wa malori walipewa mafungu wayapeleke njia nzima ya Nairobi. Watu waliyasimamia wakasikitika. "Mtoto mzuri, jamani. Tazama macho yake." Kila mara iliponukuliwa sifa hiyo mbele yake, Mwanatatu alihisi kitu kikimchoma, akakisukuma chini.

Watoto waliletwa. Mmoja kutoka Kisauni, mwenye macho yale yale makubwa, alikuwa na mama yake mzazi aliyekuja akipiga mayowe na kumnyang'anya. Margret alikuwa akipita studio kila wiki kuuliza kama kuna aliyekuja. Hakuna. Mvua za masika zikaja zikayalowesha matangazo, yakawa uji ukutani.

Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi, alipoingia kijana mmoja mwembamba anayeitwa Thoya, Mgiriama, mtunza wagonjwa katika hospitali ndogo ya misheni kule mbele ya Mazeras. Alitaka picha ya kitambulisho. Mbwana alikuwa akihangaika na waya za taa, na Thoya, amechoka kukaa, akaanza kutembeza macho ukutani. Alifika kwenye mlango wa chumba cha giza, akasimama. Alikaa pale muda mrefu mpaka Mwanatatu akanyanyua kichwa kwenye kazi yake.

"Shikamoo, mama. Huyu mtoto ni wa nani?"

"Marahaba. Umemjua?"

"Uso huo ataujua nani? Nauliza mguu."

Brashi ilimdondoka Mwanatatu ikachafua picha ya watu. Hakuishughulikia. "Mguu huo umeuona wapi?"

"Nimeuosha," alisema Thoya. "Nilikuwa nikiuosha kila asubuhi. Nakishusha kile kidole nipate kukausha katikati, nikikiachia kinapanda tena. Sista alikuwa akinicheka, anasema mwache, ndivyo alivyoumbwa." Akageuka. "Ni wake kweli, mama? Ana watu?"

Mwanatatu aliuliza yaliyobaki, kila swali likimtoka kwa shida. Dereva wa lori alimleta mtoto jioni ya Jumamosi, mwezi wa pili. Alisema amemwokota kando ya njia, kule kule karibu na hospitali, amegongwa, akaondoka kabla hajaulizwa zaidi. Kichwa ndicho kilichoumia, kwa nyuma. Uso haukuwa na jeraha hata moja. Gauni lilikuwa limejaa damu wakalikata wakalichoma. Hakusema neno. Mara nyingine alifungua macho, lakini hakumwona mtu. Walipeleka habari kituo cha polisi cha karibu, na huko hapakuwa na mtoto aliyepotea. Alikaa mpaka mwezi wa tatu ulipokuwa ukiisha. Wakamzika nyuma ya hospitali, pamoja na wengine wasio na watu.

"Na tangazo?" Mwanatatu aliuliza. Alitaka jibu liwe kwamba halikufika. Alilitaka kuliko alivyopata kutaka kitu duniani. "Tangazo halikuwafikia?"

"La mtoto wa Changamwe? Lilifika, mbona. Utingo alibandika langoni, mtoto wetu akiwa bado hai. Mimi mwenyewe nililibandua nikalipeleka wodini. Msichana, miaka mitano, tukasema labda ni huyu. Sista akaliweka juu ya mto, sambamba na kichwa chake, tukatazama wote wawili. Siye, mama. Yule wa karatasini ana macho makubwa na kidevu cha mviringo. Wetu alikuwa na uso mrefu, macho membamba, paji limetokeza. Hawafanani hata kidogo. Sista akasema, maskini, kuna mama mwingine mahali analia. Nikalirudisha langoni."

"Kama pasingekuwa na picha," alisema Mwanatatu, "ila yale maandishi tu?"

Thoya hakujua anachoulizwa. Alijibu kwa moyo mweupe. "Ah, hapo tungepiga simu. Malori yote yanapitia Changamwe. Tungepiga siku ile ile."

Mbwana alikuwa ameacha waya zake. Alimvuta dada yake nyuma ya pazia. "Nyamaza," alimnong'oneza. "Mtoto ameshakufa, hafufuki. Yule mama bado ana tumaini. Utamwondolea ili upate nini?"

"Tumaini lipi, kaka? La mtoto niliyemchora mimi? Yule hapotei na harudi. Hakuzaliwa!"

Alichomoa pini, akaichukua picha ukutani, akavaa buibui lake. Thoya akaandamana naye bila kuulizwa.

Elkana alikuwa nyumbani, zamu yake ilikuwa ya usiku. Chumba kilikuwa kimoja, kisafi. Juu ya kitanda, ndani ya fremu yenye maua ya plastiki, uso ule aliouchora ulikuwa ukimtazama kila aingiaye. Chini ya kitanda, viatu viwili vidogo vyeupe vilikuwa vimepangwa pamoja.

Thoya alisema yake kama alivyoyasema studio, ila kwa sauti ya chini zaidi. Alipofika kwenye tangazo na mto, Margret alimkatiza. Uso wake ulikuwa umepata nuru, na nuru hiyo ndiyo iliyomwogopesha Mwanatatu.

"Basi siye!" alisema. "Si mliweka picha karibu na uso wake? Si mlitazama? Mkaona siye. Nyinyi wenyewe mmesema! Mungu awalipe kwa kumtunza mtoto wa watu, lakini Achieng wangu ni huyu." Akanyoosha kidole ukutani. "Huyu hapa. Hafanani na huyo wenu."

Hapo ndipo kazi yake ilipomrudia yote mkononi. Mwanatatu alipiga magoti chini, kwenye sakafu ya saruji, ili asiwe juu ya yule mama.

"Mama Achieng, uso ule niliuchora mimi. Macho yale ni yako. Ulikaa kwenye kiti, nikakuambia utazame dirishani, nikayanakili. Kidevu ni chako. Mdomo ni wa baba. Picha ilikuwa imezama, nilikuambia imezama, halafu nikaacha kukuambia."

"Ulinionyesha nikasema ndiye."

"Ulisema."

"Mama hamjui mtoto wake?"

Ni Elkana aliyejibu, amesimama na mgongo ukutani, hamtazami mtu.

"Achieng alikuwa na uso wa mamangu," alisema. "Mrefu. Paji limetokeza, tulikuwa tukimtania. Siku ile pale studio niliona siye. Nilitaka kusema. Lakini wewe ulikuwa umeanza kucheka, Margret, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, na yule dada analia kwa furaha. Nikasema labda mimi ndiye nimesahau. Baadaye nikasahau kweli. Sasa nikimtafuta nampata huyu wa ukutani tu."

Margret alimgeukia mumewe. Mwanatatu akaiweka ile picha nyingine kitandani. Watoto walikuwa wamesimama nyuma kama nguzo, vifungo vinahesabika. Mbele yao moshi wenye gauni la mistari, kichwa hakina kitu ila michirizi. Na chini, mguu.

Margret aliketi. Alitazama kwanza uso, kwa muda mrefu, akisogeza karatasi karibu na kuirudisha nyuma, akitafuta. Halafu akaweka kiganja chake juu ya kichwa kile na juu ya kifua, akafunika vyote, ukabaki mguu peke yake juu ya mchanga.

Hakupiga ukelele. Alishusha kidole chake cha shahada akakiweka juu ya kile kidole kilichopanda, akakibonyeza kwenda chini, taratibu, kama alivyokuwa akifanya kila akimvisha viatu.

"Shuka," alisema. "Shuka, mama, tutachelewa."

Alibonyeza mpaka ukucha wake ukaacha alama kwenye karatasi. Alipoondoa mkono, kidole kilikuwa pale pale, juu ya mwenziwe.